Naomba ushauri: huyu mfanyabiashara wa kwenye kesi stadi akope au asikope?

Wakuu habari, tumepewa kesi stadi darasani ya mfanyabiashara mdogo anayetaka kukopa 1,000,000 aongeze stoku, riba 2% kwa mwezi ya flati, miezi 12. Nimepiga hesabu jumla analipa 1,240,000 yaani rejesho kama 103,300 kila mwezi, na faida ya ziada wanasema itakuwa 115,000 kwa mwezi, kwa hiyo grupu letu wote wakasema akope tu.

Mimi nimekwama. Kwanza ile riba inapigwa kwenye mkopo wote hata akishalipa nusu, nikiipeleka kwenye salio linalopungua inakaribia 3.5% kwa mwezi (hapo ndo nilishtuka). Pili, kesi inasema nusu ya wateja wanachukua kwa mkopo wanalipa baada ya mwezi, sasa rejesho la kwanza si linamkuta hela iko mikononi mwa watu? Faida ya kwenye daftari ipo ila keshi hana, na akichomoa kwenye stoku alipe, mauzo yanashuka tena.

Nilikuwa nawaza akope nusu kwanza, au aombe rejesho lianze mwezi wa tatu. Nyie mngejibuje?