Yah: Wanaotaka kufungua matawi kwa jina la mgahawa wangu

Ndugu zangu, salaam. Mgahawa wangu umetimiza miaka 6, na katika kila 100 ya mauzo hubaki 15. Wateja wawili wameniomba kufungua matawi kwa jina langu, kwa mtindo wa fransaizi. Nafikiria kuwatoza sehemu ya faida yao, ili wasipopata nisiwabane. Mnaonaje?

---

Dada, faida mtu huiandika apendavyo. Toza mrabaha wa asilimia 6 ya mauzo, na uongeze ada kubwa ya kujiunga, maana hiyo ndiyo fedha utakayokuwa na hakika nayo.

---

Kaka yuko sahihi kuhusu mauzo, lakini ada ya kujiunga ikizidi gharama za mafunzo na za kusimamia ufunguzi, inakula akiba ambayo tawi litaihitaji katika miezi ya mwanzo ambapo wateja bado ni wachache.

Ila dada, nina swali la kutangulia hayo: katika hiyo 15, umeshajilipa mshahara? Ikiwa unapika mwenyewe bila kujilipa, na mpishi mkuu wa kuajiriwa angechukua 8, basi faida yako halisi ni 7. Mwenye tawi akikulipa mrabaha wa 6 na mchango wa matangazo wa 2, atapungukiwa na 1 kabla hajarejesha mkopo wa majiko. Akiingia jikoni mwenyewe atabakiwa na 7, yaani atakuwa amepika kwa ujira ulio chini ya ule wa mpishi. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeanza kununua mafuta ya bei rahisi, na lawama inalifuata jina lako.

---

Mimi niliwahi kuwa mwenye tawi. Mrabaha ulikuwa mdogo, lakini mkataba ulinilazimisha kununua viungo na vifungashio kwao kwa bei ya juu kuliko sokoni. Nilifunga.

---

Pole sana. Huo ulikuwa mrabaha wa pili uliofichwa. Hata hivyo, kuuza vifungashio kwa bei ya haki kuna faida yake: tawi likichukua maboksi 1,000 na mashine ya mauzo ikaonyesha milo 700, huku stoo ikiwa tupu, una sababu ya kwenda kuuliza.

---

Nashukuru. Nakiri kwamba sijilipi. Waombaji wenyewe ni mume na mke wenye mtaji, ila wana ajira zao na wangeweka meneja. Je, niwape eneo ambalo hakuna mwingine atakayefungua?

---

Kwanza waite wafanye kazi jikoni kwako wiki mbili. Niliwahi kumpokea mwombaji mwenye fedha nyingi, akaaga siku ya tatu, baada ya kusugua jiko usiku. Eneo la peke yao mimi ningelitoa kwa masharti ya mauzo.

---

Mimi nisingelitoa kabisa.

---

Nitaajiri mpishi kwa miezi 6, nikae nje ya jikoni, nione katika ile 15 kinabaki nini. Ombi la kusajili alama ya biashara kwa jina langu napeleka wiki hii.