Naomba ushauri: kipimo cha mbegu kimetoka kibaya, je, nirudie au nianze dawa?

Mtoro wa Mikindani (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, habari za wakati huu. Mimi na mke wangu tumetafuta mtoto kwa miezi kumi na minne bila mafanikio. Tarehe 24 Juni nilipima mbegu katika maabara moja hapa Mtwara mjini, na majibu ni haya: ujazo wa shahawa mililita 1.1, mbegu milioni 9 kwa kila mililita, na zinazokwenda mbele asilimia 12 tu. Aliyenikabidhi karatasi alisema kwa mkato kwamba nina upungufu mkubwa, akaniandikia vidonge vya mwezi mzima. Katikati ya Mei niliugua malaria, homa ikanishika siku nne. Aidha, sampuli niliitolea nyumbani na sehemu ya mwanzo ikamwagika nje ya kopo. Kwa ushauri wa jirani niliisafirisha ndani ya kikasha cha barafu, na kwa kuwa nilikosa bodaboda mapema, ilifika maabara baada ya saa moja na nusu. Je, niamini majibu haya?

Baba Pweza

Pole sana, ndugu. Kunywa supu ya pweza kila jioni na utafune muhogo mbichi na karanga, baada ya wiki mbili mama atakushangaa mwenyewe.

Msoma Darubini

Ndugu Baba Pweza, mwenzetu hakulalamikia nguvu za kitandani. Mwanamume anaweza kuwa imara kabisa kitandani na shahawa zake zikawa hazina mbegu hata moja.

Ndugu Mtoro, nimefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi, na sampuli ile mimi ningeikataa mlangoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini kuwa mililita 1.4 za shahawa, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla ya milioni 39 kwa mshindo mmoja, na asilimia 30 zinazokwenda mbele. Wewe ukizidisha 9 kwa 1.1 unapata milioni 9.9, yaani takribani robo ya jumla hiyo. Hata hivyo, sehemu ya kwanza inayotoka ndiyo hubeba mbegu nyingi kuliko zinazofuata, na hiyo ndiyo uliyoimwaga. Kwa hiyo ujazo wako na hesabu yako vyote viwili vimepunjwa, na hakuna anayeweza kusema kwa kiasi gani.

Kuhusu mwendo, barafu ni ya samaki. Mbegu zikipata baridi hutulia, na anayezitazama hudhani zimekufa. Kopo hubebwa mfukoni, karibu na mwili, na lifike ndani ya saa moja. Mbegu nyingi zikionekana zimelala, mtaalamu huongeza rangi ya eosini: iliyokufa huingiwa na rangi, iliyo hai hubaki nyeupe. Je, karatasi yako inataja kipimo hicho?

Mtoro wa Mikindani

Hakitajwi popote.

Dereva wa Masasi

Mnazunguka bure. Tatizo ni joto la kiti cha pikipiki na suruali za kubana.

Msoma Darubini

Joto ni kweli lina madhara, kwa kuwa korodani hufanya kazi vizuri zikiwa na ubaridi kidogo kuliko mwili, ndiyo maana zinaning'inia nje. Lakini suruali ya kubana haipunguzi ujazo kwenye kopo. Kwa ndugu yetu homa ya Mei ina uzito zaidi, kwa sababu mbegu huchukua takribani miezi mitatu tangu kuanza kutengenezwa hadi kutoka. Zile za Juni zilikuwa bado zinaundwa wakati mwili unaungua. Ningerudia mwishoni mwa Agosti, baada ya kujizuia siku mbili hadi saba, na sampuli nitolee palepale maabara.

Kijana wa Lindi

Mimi nilipiga sindano za homoni ili nijenge misuli, na kipimo kikaonyesha sifuri. Daktari alinieleza kwamba ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu huacha kuziamuru korodani zitengeneze mbegu. Baada ya kuacha, zilirudi karibu mwaka mzima baadaye. Kabla ya kumeza vidonge ulivyoandikiwa, soma kwanza ni vya nini.

Mtoro wa Mikindani

Nimesoma boksi, ni vitamini na madini ya zinki, basi nitavisitisha kwanza. Sigara nane kwa siku ninavuta, sikuziandika kwa aibu. Na msimu huu nipo shambani nikipuliza salfa kwenye mikorosho, je, nayo inahusika?

Msoma Darubini

Sigara zipunguze kuanzia leo, kwani zinaharibu wingi na mwendo pia. Juu ya salfa sikuhukumu kwa karatasi hii. Vaa barakoa, na taja dawa zote za shambani kwa daktari, hasa za kuua wadudu. Akukague pia kama una mishipa iliyovimba juu ya korodani, kwa sababu hiyo huonekana kwa kuguswa ukiwa umesimama, si kwa darubini. Na mama asisubiri hadi Agosti, miezi kumi na minne inatosha naye kuanza vipimo vyake.

Mtoro wa Mikindani

Yeye alitaka kwenda tangu Januari. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema tusubiri.