Nani amewadanganya kuwa "ungalilipa" ndiyo "ukilipa" ya ofisini?

Mhariri_Mchovu (Dar)

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nafanya kazi ya kuandika meseji za wateja kwenye kampuni moja ya mikopo, jina naliacha. Mwisho wa mwezi uliopita niliandika meseji nyepesi kabisa: "Ndugu mteja, ukilipa deni lako kabla ya saa sita usiku wa leo, utasamehewa riba ya wiki hii." Haina kona. Mtu anaisoma, anaelewa muda bado upo, anaanza kutafuta hela.

Ikapelekwa kwa mkuu wa kitengo aidhinishe. Ikarudi hivi: "Ndugu mteja, ungalilipa deni lako kabla ya saa sita usiku wa leo, ungalisamehewa riba ya wiki hii." Kuuliza kulikoni, naambiwa "ukilipa" ni Kiswahili cha mtaani, hakina heshima, "ungalilipa" ndiyo lugha ya ofisi.

Ikatumwa hivyo hivyo asubuhi. Haikupita muda simu zikaanza kulia. Mama mmoja ananiuliza, "Sasa mwanangu, mbona mnaniambia leo na nafasi imeshapita? Si mngesema jana?" Mwingine akataka kujua kwa nini tunamcheka. Na wote wawili walikuwa sahihi! Meseji yenyewe ndivyo ilivyowaambia: hukulipa, na msamaha umekupita. Jioni kwenye kikao tukaelezwa kwamba tatizo ni wateja kutosoma meseji. Wamesoma, tena vizuri kuliko aliyeidhinisha!

Mkulima akitazama mawingu anasema, "Mvua ikinyesha, tutapanda." Mkulima huyo huyo msimu umekwisha, shamba tupu, anasema, "Mvua ingalinyesha, tungalipanda." Hapo kuna heshima gani iliyoongezeka? Wa kwanza ana matumaini, wa pili anahesabu hasara. Na methali si ndiyo hiyo, ningalijua huja nyuma? Haiji mbele, haiji kwenye meseji ya asubuhi.

Nauliza: huu ugonjwa wa kuona -ngali- ni ya wasomi na -ki- ni ya wahuni umetoka wapi?

Kijana_wa_Godoro

Mkuu hizo kampuni ni balaa. Mimi walimpigia hadi shemeji yangu kumwambia nadaiwa. Riba zao mnazikubali vipi? Watu wazichangie.

Mhariri_Mchovu (Dar)

Pole sana mkuu, ila uzi huu ni wa sarufi. Wa riba fungua, nitakuja kuchangia kwa jina jingine.

Mzee_wa_Kanuni

Bosi wako kachemka, hilo halina ubishi. Ila na wewe umelizungusha mno. Kanuni ni fupi: -ki- ni wakati ujao, -ngali- ni wakati uliopita. Basi. Ukiwa unaongelea kesho weka -ki-, ukiwa unaongelea jana weka -ngali-. Tulifundishwa hivyo na tukafaulu.

BintiMaalim (Unguja)

Shikamoo mzee wangu. Kwenye -ngali- nakubaliana nawe nusu, kwenye -ki- hapana.

-ki- haina wakati wake yenyewe, inauazima kwa kitenzi kinachoifuata. Tuchukue hilo hilo deni. "Akilipa, tutamwandikia barua," hapo ni mbele. "Akilipa, huwa anadai risiti," hapo ni mazoea yake, hata leo hii. "Miaka ile akilipa, alikuwa anakuja na mashahidi wawili," hapo ni zamani kabisa. "Ukilipa, nitumie risiti," hapo ni agizo. "Akilipa" haijabadilika hata herufi moja, kilichobadilika ni kilichokuja nyuma yake. Kwa hiyo anayesema -ki- ni ya kesho tu ameuona upande mmoja.

Mzee_wa_Kanuni

Marahaba. Kama haina wakati, basi niruhusu niseme "akilipa jana, mrudishieni kitambulisho chake." Mbona inagoma?

BintiMaalim (Unguja)

Inagoma kweli, na umeuliza pazuri. Jambo moja lililokwishatokea au kutotokea jana, ila wewe hujui lipi, -ki- hailibebi. Hapo tunasema "kama alilipa jana, mrudishieni kitambulisho chake." Daftari lipo, anayejua yupo, wewe tu ndiye hujafungua.

Na hapo ndipo -ngali- inapojitenga. "Angalilipa jana, angalirudishiwa kitambulisho." Anayesema hivyo daftari keshalifungua. Anajua hakulipa. Hakuna tena cha kusubiri.

Ndugu mhariri, kama bosi wako hapendi maelezo marefu mpe kipimo hiki. Mwambie aongeze "lakini hukulipa" mwishoni mwa sentensi. "Ungalilipa ungalisamehewa riba, lakini hukulipa." Inakaa sawasawa, maana ndiyo iliyokuwa imefichwa humo tangu mwanzo. Halafu ajaribu "ukilipa utasamehewa riba, lakini hukulipa." Sentensi inavunjika mikononi mwake. Meseji ya kumwomba mtu alipe leo ikikubali kuongezewa "lakini hukulipa," isitumwe.

Mhariri_Mchovu (Dar)

Dada umenipa silaha. Na nyongeza ya uchungu: mara ya pili walijaribu kuirudia, wakala -li- moja, ikaenda "ungalipa deni lako." Hiyo si -nge- wala -ngali-. Wateja hawakupiga tena simu, nadhani walikata tamaa.

Mama_Wawili (Nakuru)

Hamjambo. Mimi nimekuja na yangu, naona inahusiana. Mtoto wangu alipewa zoezi: "Unganisha kwa kutumia -ngali-: Juma hakuja. Hakula pilau." Akaandika "Juma angalija, angalila pilau." Mwalimu akapiga mkasi mwekundu bila maelezo. Mtoto analia, anasema si tunasema "akija, akila"? Mimi mwenyewe nikakosa jibu. Akarudia akaandika "Juma angali kuja angali kula pilau," akapigwa mkasi tena. Alikosea wapi?

BintiMaalim (Unguja)

Pole kwake, mama. Mwalimu yuko sawa kwa jibu, ila angemweleza mtoto.

Vitenzi vifupi kama ja, la, nywa na fa vina -ku- inayovishikilia. Kwenye -ki- hiyo -ku- inaanguka: akija, akila, akinywa. Kwenye -ngali- inabaki: angalikuja, angalikula, angalikunywa. Kwa hiyo "Juma angalikuja, angalikula pilau." Mtoto alifanya jambo la akili, alichukua mfano wa -ki- akauhamishia kwenye -ngali-, ila hizi mbili hazifuatani hapo. Ukikanusha ya kwanza nayo -ku- inarudi: "asipokuja, hatakula."

Jaribio lake la pili linachekesha kidogo, mwambie asivunjike moyo. "Angali" ikisimama peke yake ina maana ya "bado". "Juma angali akila pilau" ni kwamba Juma yuko pale pale sinia mbele yake, bado anakula. "Juma angalikula pilau" ni kwamba hakulionja. Nafasi moja tu kati ya maneno, mmoja ameshiba na mwingine ana njaa. Humu mitandaoni watu wanaikata kata ovyo, "ningali jua", "wangali fika", na mtoto anayaona yote.

Mama_Wawili (Nakuru)

Asante sana, nitamwonyesha jioni. Na kukanusha? Mwalimu wake anataka "hangalikuja", kitabu cha dadake kina "asingalikuja".

BintiMaalim (Unguja)

Yote mawili yapo na yanaeleweka. "Asingalikuja" ndiyo utakayoikuta zaidi vitabuni siku hizi. Kwenye mtihani afuate ya mwalimu wake, asigombane na mwenye kalamu. La kuangalia ni kwamba ukikanusha -ngali- ukweli unageuka. "Juma angalikuja" maana yake hakuja. "Juma asingalikuja" maana yake alikuja.

Mzee_wa_Kanuni

Sawa, hapo nimekubali. Lakini nisione mtu humu anachanganya -ngali- na -nge-. Ukianza na -ngali- umalize na -ngali-, ukianza na -nge- umalize na -nge-. "Ungalikuja ungekula" ni kosa, kwenye mtihani ni sifuri.

Mhariri_Mchovu (Dar)

Mzee, kwani mtaani nani bado anasema -ngali-? Yule mama kwenye simu aliniambia "si mngesema jana?" Jana hiyo, na bado akatumia -nge-, na nikamwelewa barabara.

BintiMaalim (Unguja)

Huo ndio ukweli wa mdomoni. Wengi waliozaliwa na lugha hii -nge- inawatosha kwa leo na kwa jana, na neno kama "jana" linamaliza kazi. Wakitaka kubana zaidi husema "ungekuwa umelipa". Ndiyo maana -ngali- inasikika rasmi, kwa sababu watu wanaikuta zaidi kwenye maandishi. Nahisi bosi wa ndugu yetu aliona urasmi huo akadhani ndiyo kazi yake.

Kuhusu kuchanganya, mzee, kanuni yako ya mtihani naijua na naifundisha. Lakini niambie hii utaiandikaje: mtu hakulipa mwaka jana, na leo hii bado anadaiwa. Mimi nasema "ungalilipa mwaka jana, leo ungekuwa huna deni." Kosa ni la mwaka jana, deni ni la leo. Nikiandika "leo ungalikuwa huna deni," leo yangu inapotea.

Mzee_wa_Kanuni

Andika "ungelilipa". Haina ugomvi.

BintiMaalim (Unguja)

Hiyo -ngeli- ni umbo jingine la -ngali- tu, inatumika sana. Haijajibu swali langu.

Mzee_wa_Kanuni

Basi gawa sentensi mbili. "Hukulipa mwaka jana. Ndiyo maana leo unadaiwa." Kuchanganya sikubali, hata unibembeleze.

Kijana_wa_Godoro

Mimi ningesema tu "si ungelipa tukamaliza."

Mhariri_Mchovu (Dar)

Wakuu, narudi na mpya. Leo nilipeleka meseji ya onyo kwa wadaiwa sugu: "Usipolipa kufikia Ijumaa, faini itaongezwa." Imerudi sasa hivi, imeidhinishwa na imegongwa muhuri: "Usingalilipa kufikia Ijumaa, faini ingaliongezwa."

Yaani tunawaambia wadaiwa sugu kwamba wamelipa, na wameiepuka faini.

Mama_Wawili (Nakuru)

Umempa kile kipimo cha "lakini"?

Mhariri_Mchovu (Dar)

Nimempa. Nimemsomea, "usingalilipa, faini ingaliongezwa, lakini ulilipa." Akanijibu, "Sawa, iongeze hiyo, inamtia mteja moyo."

Kijana_wa_Godoro

Mkuu usibishane naye. Naomba na namba yangu iwekwe kwenye hiyo orodha.