Ukurasa wa mishahara ulihamishwa, kampuni nzima ikaweza kuusoma. Nifunge vipi kurasa za siri kwenye Confluence?

Bi_Rejesta

Habari wakuu. Niko kitengo cha utumishi, kampuni ya watu kama 60. Tunatumia Confluence iliyowekwa kwenye seva yetu wenyewe. Tuna nafasi moja inaitwa Utumishi, kila mfanyakazi anaingia humo kusoma taratibu za likizo na kuchukua fomu. Ndani yake nilitengeneza ukurasa mama, "Faili za ndani", nikaufunga kwa `Restrictions` tukabaki wanne: mimi, bosi wangu, mkurugenzi na mhasibu mkuu. Chini yake nikaweka ngazi za mishahara na kurasa za maonyo ya wafanyakazi.

Alhamisi mhasibu aliona ngazi za mishahara zimfae karibu na bajeti, akauhamisha ukurasa ule kwa `Move` ukakaa chini ya "Mipango ya mwaka", nafasi ileile. Hakugusa kitu kingine. Jumatatu kijana mmoja wa mauzo akatafuta neno "posho", ukurasa ukamfungukia wote, majina na tarakimu. Alikuja kuniambia mwenyewe na namshukuru, lakini wangapi walishasoma kabla yake? Nimezifuta tarakimu haraka. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Naomba kuelewa mambo mawili. Kufuli liliondokaje wakati hakuna aliyelifungua? Na la pili: meneja wa ghala anatakiwa asome ukurasa mmoja tu, onyo la mtu wake. Nimemwongeza kwenye ukurasa huo, bado anaambiwa hana ruhusa.

NyundoKubwa

Pole dada. Hapo umejipa kazi ngumu bure. Fungua nafasi mpya, hamishia humo kila kitu cha siri, waongeze watu wako wanne, umemaliza. Kufuli za ukurasa mmoja mmoja zitakuchanganya tu.

Mzee_wa_Wiki

Sisi tunatumia MediaWiki. Kurasa zote nyeti nimezi-`protect`, wasimamizi tu ndio wanaohariri, na mwaka wa tatu huu hakuna aliyeharibu neno. Angalia kama na huko kuna kitu kama hicho.

kitasa_3

Mzee, `protect` inazuia kuandika. Kusoma hakuzuiliwi, na Bi_Rejesta anaumizwa na kusoma. Kama una mishahara humo, jaribu kuifungua kwa akaunti ya mfanyakazi wa kawaida leo hii. MediaWiki yenyewe haikujengwa kwa kuficha ukurasa mmoja ndani ya wiki inayosomwa na wote. Kuna kiendelezi cha Lockdown kinachofunga eneo zima, lakini hata ukikitumia, maandishi yanaweza kutokea kwa mlango wa nyuma pale ukurasa mwingine unapoyavuta ndani yake. Eneo hilo lazima ulizuie lisivutwe, kwenye `LocalSettings.php`:

```
$wgNonincludableNamespaces[] = NS_UTUMISHI;
```

(`NS_UTUMISHI` ni mfano, weka jina la eneo lako.)

Sasa Bi_Rejesta. Ukurasa wako wa mishahara haukuwahi kuwa na kufuli lake. Kufuli lilikuwa la mama, na mtoto analindwa kwa kuwa amekaa chini yake. Akihamia kwa mama mwingine, anafuata masharti ya huko. "Mipango ya mwaka" iko wazi, basi naye akawa wazi. Mhasibu alikuwa na ruhusa ya kuona na kuhariri, hivyo mfumo haukuwa na sababu ya kumzuia. Ungekuwa umeufunga ukurasa wenyewe pia, ungehama na kufuli lake.

Meneja wa ghala ni kanuni hiyohiyo kwa upande wa pili. Ili mtu asome ukurasa, lazima apite kila kufuli lililo juu yake, kuanzia nafasi yenyewe, mama, hadi mtoto. Umempa ufunguo wa chumba, lakini mlango wa mbele bado umemfungia. Kufuli la mtoto linaweza kupunguza watu, haliwezi kuongeza mtu ambaye mama kamkataa.

Na hili lifanye kabla ya mengine: zile tarakimu ulizofuta bado zipo kwenye `Page History`. Anayeweza kuona ukurasa anaweza kufungua toleo la juzi. Funga ukurasa wenyewe sasa hivi, kisha msimamizi wa nafasi afute matoleo ya zamani yenye tarakimu.

Bi_Rejesta

Nimeufunga. Nilifungua historia kwa akaunti ya majaribio kabla ya kufunga, tarakimu zote zilikuwepo. Mwili ulinisisimka.

Ila jana usiku nilikuwa nimeshafuata ushauri wa NyundoKubwa, nikafungua nafasi "Utumishi wa ndani" na kutuongeza wanne. Akaunti ileile ya majaribio inaiona nafasi mpya! Bahati nzuri bado ilikuwa tupu. Nimekosea wapi?

kitasa_3

Fungua ukurasa wa ruhusa za nafasi hiyo. Nadhani utakuta kundi la `confluence-users` lina tiki kwenye `View`. Nafasi mpya huzaliwa na ruhusa za kawaida alizopanga msimamizi mkuu, na mara nyingi kundi la wote limo. Kwenye Confluence ruhusa za nafasi zinajumlishwa, hakuna tiki ya kukataza. Mtu akiruhusiwa na kundi moja tu kati ya makundi yake, ameingia. Hivyo kuwaongeza ninyi wanne hakukumtoa mtu yeyote. Ondoa lile kundi, angalia pia hakuna tiki kwa wageni wasioingia kwa akaunti, kisha jaribu tena.

NyundoKubwa yuko sahihi kuhusu nafasi ya pekee, na ningefanya hivyo hata mimi. Faida moja haionekani haraka: majina ya kurasa. Ndani ya nafasi moja kurasa mbili haziwezi kuwa na jina moja. Mtu akijaribu kuunda ukurasa wenye jina ambalo tayari lipo, anaambiwa lipo, hata kama haruhusiwi kuuona. Ukurasa ukiitwa "Onyo la pili" pamoja na jina la mtu, jina lenyewe limeshasema. Kwenye nafasi wasiyoingia, tatizo hilo halipo.

Bi_Rejesta

Ndilo hilo. `confluence-users` ilikuwa na tiki. Nimeiondoa, akaunti ya majaribio sasa haioni kitu, hata kwa kutafuta neno "posho". Lakini meneja wa ghala? Nikimpa `View` ya nafasi mpya ataona na kurasa nyingine zote.

kitasa_3

Ataona kila ukurasa usio na kufuli lake, ndiyo. Ungelazimika kufunga kila mmoja, na siku ukisahau mmoja umerudi Alhamisi. Pia weka kufuli ukiwa bado kwenye rasimu. Ukichapisha kwanza, wanaofuatilia nafasi hutumiwa barua pepe, na hiyo huwezi kuirudisha.

Karani_Mkongwe

Mimi ningemtolea PDF ya ukurasa mmoja, asome mbele yako. Maonyo hayana kazi kwenye wiki. Wiki ni ya kusomwa na wengi, na msimamizi wa nafasi anaweza kuingia `Restricted Pages` na kuondoa kufuli lolote. Walio kwenye `confluence-administrators` hata hawahitaji kuliondoa, wakiwa na anwani ya ukurasa wanausoma. Umewauliza watu wako wa kompyuta wangapi wamo?

NyundoKubwa

PDF ikishatoka haina kufuli kabisa, Karani. Itasambaa kuliko wiki.

Bi_Rejesta

Nimeuliza. Wamo watatu, mmoja ni wa mkataba. Ngazi za mishahara zitabaki kwenye nafasi mpya. Maonyo nimeyasimamisha hadi nikae na mkurugenzi kesho, na hao watatu nitampelekea kwa majina. Nikitoka huko nitarudi hapa.