Barua pepe za ofa zinaishia kwenye spamu: nibadilishe jina la mtumaji au maneno?

MuuzaVitenge: Habari za kazi, ndugu zangu. Kila mwisho wa mwezi huwatumia wateja waliojiandikisha dukani kwangu Kariakoo barua pepe ya ofa, kupitia huduma ya kutuma barua kwa wingi, lakini wengi huikuta kwenye spamu. Anwani yangu ni ya gmail.com, na kwenye simu barua huonekana hivi:

MAUZO
OFA KABAMBE!!! USIKOSE!!!
Ikiwa huoni picha vizuri, bofya hapa

Nianze kurekebisha wapi?

KijanaWaMatangazo: Tatizo ni maneno, dada. Ondoa neno "ofa", herufi kubwa na alama za mshangao, nayo itapita.

FundiSeva: Herufi kubwa na mishangao viondoke, lakini neno "ofa" peke yake haliipeleki barua kwenye spamu. Ninachokitilia shaka ni anwani: barua inadai imetoka gmail.com ilhali imetumwa na seva za kampuni nyingine, na tangu Februari 2024 Gmail imekaza masharti dhidi ya jambo hilo hasa. Jitumie barua hiyo, uifungue kwenye kompyuta, ubofye nukta tatu na kuchagua "Show original". Ukikuta DMARC, yaani ukaguzi wa anwani ya mtumaji, imeandikwa FAIL, nunua kikoa cha duka, yaani jina lake la mtandaoni, na uweke rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kuwa barua ni yako kweli, kwa maelekezo ya huduma yako. Kikoa kikiwa kipya, anza na wateja walionunua karibuni, ndipo uongeze wengine kidogo kidogo.

Baada ya hapo, andika jina la duka badala ya "Mauzo", ambalo linaweza kuwa la yeyote. Simu hukata kichwa kirefu, kwa hiyo bidhaa na bei vitangulie: "Doti ya kitenge 25,000 hadi Jumamosi". Ule mstari wa picha unajitokeza kwa sababu nafasi ya dondoo, yaani maneno yanayoonekana baada ya kichwa, uliiacha wazi, simu ikachukua maneno ya kwanza ya barua. Iandikie "Rangi mpya zimeingia, tunatuma mikoani kwa basi".

MamaViungo: Zangu nazo ziko spamu, kwenye "Promotions". Nikianza kichwa kwa "Re:" watu hufungua.

FundiSeva: Mama, "Promotions" ni sehemu ya matangazo ndani ya kikasha cha Gmail, si spamu; barua imefika. Ila "Re:" ya uongo humfanya mteja abonyeze "Report spam", na Gmail huwataka watumaji wakubwa malalamiko yao yasifike 0.3%, yaani 3 katika kila barua 1,000. Kwa orodha ndogo, watu wachache tu wenye hasira wanatosha kukuharibia.

MuuzaVitenge: Nimekuta FAIL kweli. Wateja wengi wananijua mimi kuliko duka; je, niweke jina langu?

KijanaWaMatangazo: Weka lako. Watu hufungua barua ya mtu.

FundiSeva: Asiyekukumbuka atajiuliza wewe ni nani. Ningeweka yote mawili, jina lako likitangulia, lakini jaribu kwa nusu ya orodha kwanza. Hesabu waliobofya au walioagiza, kwa kuwa tangu 2021 programu ya Mail ya iPhone huweza kuonyesha barua imefunguliwa hata kama mwenyewe hajaigusa.