Jumla ya alama 2.85 lakini daraja limeandikwa 2: naombeni mnisaidie kuisoma tathmini hii

Mshumaa
Wakuu, habari za kazi. Nimepewa fomu ya tathmini ya utendaji ya mwaka na natakiwa kuirudisha na saini Ijumaa. Nimeisoma mara nyingi na bado sijui nimesimama wapi.

Madaraja ni matano: 1 Hairidhishi, 2 Anakidhi kwa sehemu, 3 Anakidhi matarajio, 4 Anavuka matarajio, 5 Bora sana. Alama zangu: huduma kwa wateja (uzito 30) nimepata 4, kufunga malalamiko kwa wakati (uzito 25) nimepata 3, ripoti za mwezi (uzito 15) nimepata 2, ushirikiano na timu (uzito 30) nimepata 2. Jumla imeandikwa 2.85, halafu chini yake: "Daraja la mwisho: 2".

Maoni ya msimamizi: "Anajitahidi. Anatarajiwa kuonyesha maendeleo endelevu katika ripoti na ushirikiano. Hali itaangaliwa upya."

Nyongeza ya mshahara ipo hapo? Hili ni onyo? Au ndiyo mwanzo wa ule mpango wa kuboresha utendaji?

Chuma Cha Pua
Pole mkuu. Hapo umeonewa waziwazi. 2.85 inakaribia 3, kwa hiyo wanatakiwa kukupa 3. Usisaini hiyo fomu, maana ukisaini umekubali kila kilichoandikwa na huwezi tena kulalamika.

Bi Utumishi
Nimekaa idara ya utumishi muda mrefu, na fomu za namna hii zimepita nyingi mikononi mwangu. Tuanze na hesabu. 4 mara asilimia 30 ni 1.20, 3 mara asilimia 25 ni 0.75, 2 mara asilimia 15 ni 0.30, na 2 mara asilimia 30 ni 0.60. Jumla 2.85. Hesabu yao iko sawa.

Swali ni jinsi jumla inavyogeuzwa kuwa daraja, na hapo kila mwajiri ana utaratibu wake. Kuna wanaokadiria kwenda namba nzima iliyo karibu, na kwao 2.85 ni 3. Wengine wana mipaka, tuseme daraja la 3 linaanzia 3.00, na hapo 2.85 inabaki 2 hata kama imekosa kidogo sana. Tena kuna waajiri wenye kikao cha kusawazisha, ambapo wasimamizi hulinganisha alama za idara zote kabla hazijatolewa. Msimamizi wako anaweza kuingia na 3 na kutoka na 2. Kwa hiyo, Chuma, hatuwezi kusema ameonewa kabla ya kuona mwongozo wao wa tathmini.

Kuhusu saini, soma mstari ulio juu yake. Mara nyingi umeandikwa "nimeisoma" au "nimejadiliana na msimamizi wangu", na saini ya hivyo inathibitisha kupokea tu. Ukikuta "nakubaliana na tathmini hii", andika pembeni "nimepokea, sikubaliani na daraja la mwisho", kisha saini na tarehe. Kukataa kabisa kusaini hakubadilishi daraja. Wataandika kwamba umekataa, na sauti yako haitakuwemo kwenye faili.

Njia Panda
Mimi nilipewa 2 kama wewe, na muda mfupi baadaye nikaitwa nikakabidhiwa mpango wa siku 90. Kila wiki kikao, kila kikao karatasi. Dada, jiandae, ndivyo wanavyoanza. Mimi niliondoka kabla siku hazijaisha.

Kinara
Ushauri wangu, omba kupandishwa cheo mwaka huu huu kwa sababu ya ile 4 ya wateja. Hiyo ni silaha.

Bi Utumishi
Kinara, hajauliza kupanda cheo, na akiwa na 2 ombi hilo litakwama mapema.

Njia Panda, pole kwa yaliyokupata. Ila maoni ya Mshumaa bado si mpango. Mpango wa kuboresha utendaji unakuwa na lengo linalopimika, msaada utakaopewa, tarehe za vikao, muda (siku 30, 60 au 90 ndiyo kawaida) na sentensi inayosema nini kitatokea ukishindwa. Kwenye maoni yake hakuna hata tarehe moja. Onyo nalo hutolewa kwa barua yake yenye neno "onyo", na mara nyingi linahusu mwenendo, kama utoro au kukaidi maagizo. Alama ya chini peke yake haigeuki kuwa onyo.

Hata hivyo, maneno mawili pale si ya kupuuza. "Anajitahidi" ni sifa ya juhudi, na msimamizi aliyeridhika na matokeo huandika matokeo. "Endelevu" huandikwa pale wanapoona uliwahi kurekebisha jambo halafu likarudi. Mshumaa, uliwahi kuambiwa kuhusu ripoti kabla?

Mshumaa
Ndiyo, niliambiwa kuhusu ripoti kuchelewa. Nikawahisha kwa kipindi, kisha zikachelewa tena tulipopungukiwa na watu.

Nimeupata mwongozo. Umeandika daraja la 3 ni "3.00 hadi 3.99". Pia kuna kipengele kinachosema anayepata 2 miaka miwili mfululizo "atawekwa kwenye mpango wa kuboresha utendaji". Mwaka jana nilipata 3.

Bi Utumishi
Basi umejibiwa. Mwaka huu kipengele hicho hakikugusi, mwakani kinaweza kukugusa. Umekosa 0.15 tu, na angalia inapatikana wapi: ripoti zikitoka 2 kwenda 3 zinaongeza 0.15 na unafika 3.00 kamili. Ushirikiano ukitoka 2 kwenda 3 unaongeza 0.30. Ulizia hicho kwanza, kwa sababu uzito wake ni mara mbili na ndicho kigumu kupimwa. Mwombe msimamizi matukio mawili au matatu aliyoyategemea. Asipokuwa nayo, hiyo ndiyo hoja yako ya rufaa, na ina nguvu kuliko kubishania ukadiriaji.

Nyongeza mara nyingi hutoka kwenye jedwali lenye pande mbili, daraja lako na mahali mshahara wako ulipo kati ya kima cha chini na cha juu cha ngazi yako. Tuseme mwenye 3 aliye karibu na kima cha chini anapata asilimia 4, na mwenye 3 aliye karibu na kima cha juu anapata 2. Mwenye 2 kwenye majedwali mengi hupata sifuri, au kipande kidogo akiwa chini kabisa. Uliza: "Daraja la 2 linapata asilimia ngapi mwaka huu?" Swali hilo halina ugomvi, na utumishi wana jibu lake.

Chuma Cha Pua
Nimekuelewa kuhusu saini. Ila bado naona aandike kuhusu upungufu wa watu kwenye nafasi ya maoni ya mfanyakazi. Asipoandika sasa, mwakani hakuna atakayekumbuka.

Njia Panda
Mimi niliandika sababu kama hizo, zikasomwa kama visingizio. Ningekuwa yeye ningeongea ana kwa ana tu.

Bi Utumishi
Hapo mimi naegemea kuandika, lakini kwa tarehe na idadi: miezi gani ripoti zilichelewa, timu ilipungua kwa watu wangapi miezi hiyo. Hata hivyo Njia Panda ana hoja. Kuna wasimamizi wanaochukia kuona hilo kwenye karatasi, na Mshumaa ndiye anayemjua wake.

Mshumaa
Asanteni sana. Mstari wa saini unasema "nimejadiliana na msimamizi wangu", na hatujajadiliana kabisa. Nimemwomba kikao Alhamisi kabla sijasaini.