BME280 nne kwenye ESP32 moja: laini ya waya mbili, SPI au UART?

Mkulima wa Hombolo: Habari zenu. Nina banda la kukaushia zabibu, nataka kupima joto na unyevu kila kona. Nina BME280 nne na ESP32 moja katikati, waya wa mita tatu kwenda kila kona. Nikiunganisha zote, programu inaona 0x76 peke yake na namba zinazokuja hazieleweki. Nitumie njia gani?

Fundi wa Chang'ombe: Kaka, vihisi vyote vinne vinajibu kwa wakati mmoja. Kwenye laini ya I2C anayevuta waya chini ndiye anayeshinda, kwa hiyo kila biti ambayo hata kihisi kimoja kimetuma sifuri, wewe unasoma sifuri. Ubaya ni kwamba hata namba za urekebishaji za kiwandani, ambazo kila kihisi kina zake, zinachanganyika hivyohivyo. Ndiyo maana joto linaweza kutoka 180 au likatoka 31 ukaliamini. Chomoa vyote, pima kimoja kimoja kwanza.

Kijana wa Nzuguni: Si abadilishe tu kwenye programu? Kimoja 0x76, kingine 0x77, kingine 0x78, kingine 0x79.

Fundi wa Chang'ombe: Hapana, mdogo wangu. Programu inaita jina tu, haimpi mtu jina. Anwani ya BME280 inaamuliwa na pini ya SDO: ikienda GND ni 0x76, ikienda volti 3.3 ni 0x77, basi. Ila 0x77 umeipata sawasawa, na hapo ndipo jibu linapoanzia. ESP32 ya kawaida ina I2C mbili ndani yake. Mbili mara mbili ni nne:

```cpp
Wire.begin(21, 22);
Wire1.begin(25, 26);
a.begin(0x76, &Wire);
b.begin(0x77, &Wire);
c.begin(0x76, &Wire1);
d.begin(0x77, &Wire1);
```

Hununui kitu. Angalia tu kama moduli zako zina pini sita. Zile za pini nne hazitoi SDO nje, itabidi uguse lehemu kwenye bodi. Na kama bodi yako ni ESP32-C3, ina I2C moja tu. Hapo chukua TCA9548A, inayogawa laini moja kuwa nane.

Mama wa Kongwa: Mimi natumia vihisi vya udongo vya RS485 kwenye UART, waya unavuka shamba zima na havisumbui. Kwa nini asiende huko?

Fundi wa Chang'ombe: Dada, vyako vinaongea Modbus na vimetengenezwa kwa ajili ya waya mrefu. BME280 haijui UART kabisa. Halafu hata vyako havikukwepa anwani. Vingi vinatoka kiwandani vyote vikiwa namba 1.

Mama wa Kongwa: Hilo kweli. Nilikiunganisha kimoja kimoja, nikakiandikia namba yake, ndipo nikaviweka pamoja.

Mwalimu wa maabara, Dodoma: Naomba kupingana na fundi. Mimi ningetumia SPI. Hakuna anwani ya kugongana. Waya tatu za pamoja, kisha kila kihisi na CSB yake, jumla pini saba. Kuna jambo moja la kuzingatia: BME280 inawaka ikiwa kwenye I2C, na inahamia SPI pale CSB yake inaposhuka mara ya kwanza. Kabla hujasoma chochote, shusha na kupandisha kila CSB mara moja, la sivyo kihisi ambacho hakijaguswa kinaweza kuyachukulia mazungumzo ya wenzake kuwa ni yake.

Fundi wa Chang'ombe: Mwalimu, ndani ya boksi moja nakubali. Lakini hapa ni waya sita kwenda kila kona.

Mwalimu wa maabara, Dodoma: Na I2C yako nayo haipendi waya mrefu. Urefu unajumlishwa: kona mbili kwenye laini moja ni mita sita. Kebo ya mtandao ina takriban pF 50 kwa mita, hiyo ni pF 300, na kikomo ni 400. Rezista za moduli mbili za kilo-omu 10 zinakuwa 5 kwa pamoja, haziwezi kupandisha laini kwa wakati.

Fundi wa Chang'ombe: Hesabu yako ni sahihi. Aongeze kilo-omu 4.7 kutoka SDA kwenda 3.3V na nyingine kwenye SCL, pale kwenye ESP32. Inabaki kama 2.4, inatosha kwa kHz 100. Na SDA asiisokote na SCL. Kila moja isokotwe na GND yake.

Mkulima wa Hombolo: Moduli zina pini sita. Naanza na Wire1 na hizo rezista. Ila juu ya banda kuna feni kubwa ya umeme, je, ikiwaka?

Mwalimu wa maabara, Dodoma: Hapo ndipo bado siiamini I2C. Ikining'inia, SDA inabaki chini na programu inasubiri. Acha iwake na kuzima siku nzima, hesabu mara ngapi usomaji umeshindwa, utuambie.

Fundi wa Chang'ombe: Mimi nasema itahimili, mradi waya zipite mbali na waya za feni. Tungoje namba zake.